Mbano wa plazma: mizani haikukosea

"Kama mlingano wa Bennett ni sahihi, mbona mbano wa plazma umeshindwa kuleta nishati ya muungano wa nyuklia tangu miaka ya 1950?"

Mlingano huo wa 1934 unaeleza mizani tu, hausemi mizani itadumu muda gani. Mikondo inayokwenda upande mmoja huvutana, na mvutano huo ndio unaobana nguzo ya plazma, yaani gesi ya moto iliyogawanyika kuwa elektroni na ioni, mpaka shinikizo la gesi lilingane na la sumaku:

```
μ₀ I² = 8π N k (Te + Ti)
```

I ni mkondo, N ni idadi ya elektroni katika kila mita ya nguzo, Te na Ti ni joto la elektroni na la ioni, na μ₀ na k ni namba zisizobadilika. Tuchukue ampea 200,000. Upande wa sumaku unatoa jouli 2,000 kwa mita, zinazotosha kushikilia elektroni trilioni milioni 6 kwa mita, pamoja na ioni zake, katika joto la digrii milioni 11 na ushee. Nguzo ikiwa na nusukipenyo cha milimita 3, shinikizo linafika takriban mara 700 ya lile la hewa tunayovuta. Na hakuna koili hata moja nje! Mkondo wenyewe ndio chombo.

Lakini nusukipenyo hakimo kwenye mlingano, na hapo ndipo wapinzani wana hoja. Nguzo ikinyweka kidogo mahali pamoja, mkondo ni uleule ila uga wa sumaku unakua pale, unabana zaidi, na plazma inasukumwa pembeni kuelekea sehemu nene. Shingo inazidi kuwa nyembamba hadi inakatika. Tukichukua kwamba plazma ya mfano wetu ni deuteri, yaani hidrojeni nzito, hilo huchukua takriban sekunde moja ya milioni 100. Mtambo wa ZETA wa Uingereza ulitangaza nyutroni, dalili ya muungano wa nyuklia, Januari 1958. Baadaye ikaonekana hazikutokana na joto, bali na ioni zilizorushwa na kuyumba huko.

Hukumu iliyofuata, kwamba mbano haufai kabisa, ilikuwa pana mno. Mwaka 1995 Shumlak na Hartman walionyesha kwa hesabu kwamba tabaka za plazma zikitiririka kwa kasi tofauti, kuyumba kunavurugwa kabla hakujakomaa. Mtambo wa FuZE wa Chuo Kikuu cha Washington ukaripoti 2019, kwa ampea hizohizo 200,000, nyutroni zilizoendelea kutoka kwa takriban mikrosekunde 5. Linganisha na muda wa shingo kukatika: ni mara 500 hivi! Vipimo vya baadaye vilikuta nishati ya nyutroni haitofautiani sana kwa kila upande, jambo ambalo ioni zilizorushwa upande mmoja zisingelitoa.

Bado elektrodi huliwa na joto, na nishati inayotoka ni ndogo sana kuliko inayoingia. Hayo ni madai ya haki dhidi ya mtambo. Dhidi ya mizani yenyewe sioni dai.