Mmimino mmoja au mafungu: kinachochelewesha koni

"Kaka, kahawa ya Kibosho tunaitengeneza kwa koni ya kuchujia ya V60, gramu 15 kwa maji gramu 250. Nikimimina kwa mafungu manne inachukua dakika nne na zaidi. Mume wangu akimimina mara moja, haifiki hata tatu. Usagaji ni uleule. Nani anakosea?"

Dada, kabla ya kumtafuta mkosaji, tenganisha muda wa aina mbili. Upo muda wote, tangu maji ya kwanza mpaka kahawa iache kudondoka, na upo muda wa kushuka, ambao unaanza pale unapoacha kumimina. Nimejaribu vipimo vyako hapa Arusha. Nililowesha unga kwa gramu 50, nikasubiri sekunde 40. Kwa mmimino mmoja, gramu 200 zilizobaki niliziingiza polepole hadi dakika 1:30, na maji yakaisha 2:45. Kwa mafungu manne ya gramu 50, nikingoja kila fungu likaribie kuisha, nilimaliza kumimina 2:50 na maji yakaisha 3:40.

Kwa hiyo kushuka kwenyewe kulichukua sekunde 75 kwa mmimino mmoja na sekunde 50 tu kwa mafungu. Hilo ni la kawaida, kwa sababu fungu la mwisho ni maji machache. Mafungu yamechelewa njiani, kabla ya kufika mwisho.

Sababu kubwa ni kimo cha maji. Maji yanasukumwa kupita kwenye unga na uzito wake yenyewe. Koni ikiwa imejaa, msukumo ni mkubwa na mtiririko ni wa kasi. Yakibaki juu ya unga kidogo tu, yanapita kwa uvivu. Anayemimina kwa mafungu anarudi kwenye kimo hicho kidogo mara nne, na kila mara anakisubiri.

Sababu ya pili ndiyo inayowaponyoka wengi. Maji yaliyosimama juu ya unga hufanya kazi ya godoro: mkondo wa birika unaishia humo. Ukisubiri hadi unga uchungulie, fungu linalofuata linauchimba moja kwa moja. Vumbi la kahawa linaamka, linateremka hadi kwenye karatasi na kuziba vitundu vyake. Ndiyo maana mara nyingi fungu la nne linashuka taratibu kuliko la kwanza, ingawa maji ni yaleyale.

Joto nalo linachangia, ila kidogo. Hapa Arusha, kwenye mwinuko wa kama mita 1,400, maji huchemka karibu nyuzi 95, na unga unapoa kati ya fungu na fungu. Maji yaliyopoa ni mazito kidogo, na hayakamui kahawa vizuri kama ya moto.

Je, mumeo ndiye ameshinda? Bado. Koni ikijaa, sehemu ya maji hupenya kwenye karatasi pembeni, juu ya unga, na kufika kikombeni bila kuigusa kahawa ipasavyo. Kikombe chake kikiwa chepesi na chenye uchachu mkali, kasi yake ndiyo inamnyima utamu. Asage laini zaidi kidogo, abaki na mmimino wake. Mafungu nayo yana haki yao: maji mapya yanarudi kwenye unga mara kadhaa na yanakaa nao muda mrefu, jambo linaloifaa kahawa ngumu ya mlimani iliyokaangwa kidogo. Tena ukitengeneza gramu 30 kwenye koni ndogo, huna hiari. Maji yote hayaenei kwa mara moja.

Kwa gramu 15, mimi nauchagua mmimino mmoja wa polepole. Nauamini kwa sababu una nafasi chache za kukosea: leo na kesho vinafanana. Mafungu yanadai mkono uleule na subira ileile mara nne.

Lakini usiache mafungu yako kabla ya kujua tatizo ni nini. Kesho tumia kahawa ileile na usagaji uleule, ila ongeza kila fungu maji yakiwa bado yamefunika unga kwa kama sentimita moja, na mimina kutoka karibu, si kutoka juu. Dakika nne zikirudi kwenye tatu na nusu, kilichokuchelewesha ni kusubiri na kuchimba. Zisipopungua, tazama unga uliobaki. Ukiuona laini juu kama tope, na kikombe kinakausha ulimi, usagaji wako umekuwa laini mno kwa mafungu manne. Saga kwa chembe kubwa zaidi kidogo, au punguza mafungu yawe mawili.