Fatwa ya Saiprasi ya 1570: soma swali kabla ya jibu

Kila nikibishana na watu kuhusu Dola ya Uthmaniya naona tunagawanyika makundi mawili, kuna wanaosema Sheikhul-Islam wa Istanbul, yaani mufti mkuu wa dola, alikuwa mtu wa kumpigia sultani muhuri tu, na kuna wanaosema yeye ndiye aliyemshika sultani shati, bila fatwa yake hakuna kinachotembea. Mimi nadhani wote tunaangalia jibu la mufti wakati kazi kubwa ilishafanyika kwenye swali, na fatwa iliyoruhusu kuiteka Saiprasi mwaka 1570 ni mfano mzuri.

Yaani fatwa za wale jamaa zilikuwa fupi sana. Mtu alikuwa haendi kumsimulia mufti shida yake kwa maneno yake mwenyewe, au akienda, makarani wa ofisi ya fatwa wanayachukua yale maelezo wanayapanga upya, majina ya watu yanatolewa, mwanamume anakuwa Zaid au Amr, mwanamke anakuwa Hind, yale yasiyohusu sheria yanakatwa, na linabaki swali ambalo mufti anaweza kulijibu kwa neno moja, inafaa au haifai, kisha anatia saini. Ndiyo maana Ebussuud Efendi (kwetu tungemwita Abuu Suud), Sheikhul-Islam aliyeitoa fatwa ya Saiprasi, anasimuliwa kuwa kuna siku alijibu maswali zaidi ya elfu moja na mia nne kwa siku moja. Ukiwa na swali lililonyooka namna hiyo inawezekana. Lakini pia maana yake anayelipanga swali ameshalielekeza jibu, na mufti hatoki kwenda kuchunguza kama Zaid kweli aliuza shamba, yeye anajibu kama ilivyoandikwa tu. Kuchunguza ni kazi ya kadhi.

Sasa huyu Ebussuud hakutokea msikitini tu akaitwa ikulu. Ulamaa wa Uthmaniya walikuwa na ngazi yao kama ya jeshi. Unaanza kufundisha madrasa ndogo, na madrasa zilipangwa kwa mshahara wa siku wa mwalimu, za akche, yaani sarafu za fedha, 20, 30, 40, mpaka zile nane za juu alizojenga Sultan Mehmed aliyeifungua Istanbul. Ukitoka hapo unapewa ukadhi wa mji mkubwa, halafu kadhi-asikari, yaani kadhi mkuu wa jeshi, hawa walikuwa wawili, mmoja wa Rumelia yaani upande wa Ulaya na mmoja wa Anatolia, na wao walikaa kwenye baraza la mawaziri. Ebussuud alipita humo humo, kadhi wa Bursa, kadhi wa Istanbul 1533, kadhi-asikari wa Rumelia 1537, na Sheikhul-Islam kuanzia 1545 mpaka alipofariki 1574. Kila hatua aliyepandisha ni sultani. Na kushushwa pia kulikuwepo, Chivizade aliyekuwa kwenye kiti hicho hicho alitolewa 1542 na wenzake wote waliona. Kwa hiyo mtu anayefika juu ameshakaa na dola miaka mingi, anajua inataka nini hata kabla haijamuuliza.

Turudi Saiprasi. Kisiwa kilikuwa mikononi mwa Venisi tangu 1489, na Venisi walikuwa na mkataba wa amani na Istanbul, Sultan Selim wa pili mwenyewe aliuhuisha mwaka 1567. Miaka mitatu tu baadaye anataka kisiwa. Waziri mkuu wake, Sokollu Mehmed Pasha, hakuipenda hiyo vita, ila wengine ikulu walikuwa wanaitaka. Hapo ndipo swali likapelekwa kwa Ebussuud.

Na hilo swali lilivyopangwa sasa! Kuna nchi ilikuwa ya Uislamu, makafiri wakaivamia, wakabomoa misikiti na madrasa zake, wakaujaza ukafiri mle ndani. Sultani kwa ghera ya dini ameazimia kuirudisha. Zamani ulifanywa mkataba na hao makafiri kuhusu nchi zao nyingine na hii ikawa ndani yake. Je, mkataba huo unamzuia? Niambie wewe, ni mufti gani ataulizwa hivyo akajibu unamzuia?

Lakini pima yale maelezo. Ni kweli Waislamu walifika Saiprasi mapema, Muawiya alipeleka merikebu mwaka 649, na Bi Umm Haram aliyefuatana na msafara ule kaburi lake liko karibu na Larnaka mpaka leo. Ila Bizanti walikirudisha kisiwa mwaka 965, baadaye wakaja wafalme wa Kilatini, Venisi ndio wa mwisho kabisa. Waliotia saini mkataba wa 1567 sio waliokitwaa kisiwa kwa Waislamu, zimepita miaka mia sita hapo katikati na swali halisemi neno.

Jibu la Ebussuud ni kwamba mkataba hauzuii hata kidogo, sulhu na makafiri inafaa pale tu inapokuwa na maslahi kwa Waislamu, na maslahi yakionekana yako kwenye kuivunja basi kuivunja ni wajibu. Dalili yake ni Hudaibiya, kwamba Mtume (s.a.w.) aliwekeana na watu wa Makka sulhu ya miaka kumi mwaka wa 6 Hijiria, kisha akaona bora kuivunja, akaiendea Makka mwaka wa 8.

Hapa ndipo mimi huwa nashindwa kunyamaza, maana sira tumeisoma chuoni tangu utotoni. Waliovunja Hudaibiya ni Makuraishi! Banu Bakr waliokuwa upande wa Makuraishi waliwashambulia Khuzaa waliokuwa upande wa Mtume, Makuraishi wakawasaidia kwa silaha, na Abu Sufyan akafunga safari mpaka Madina kujaribu kuuhuisha mkataba, kwa nini aende kama hawakujua wameuharibu? Mwanachuoni wa daraja la Ebussuud, aliyeandika tafsiri ya Qur'ani nzima, hakuwa hajui hilo. Kuliacha nje ni uamuzi, na mimi nasema haukuwa uamuzi wa kielimu.

Simwonei lakini. Fiqhi ya Hanafi, ambayo ndiyo ya dola ile, kweli inaruhusu kuimaliza sulhu maslahi yakibadilika, kwa sharti upande wa pili uarifiwe, na mjumbe alipelekwa Venisi mapema 1570 kudai kisiwa kabla ya majeshi kushuka. Sio kwamba alitunga sheria. Alikuwa na hoja ya kifiqhi inayosimama yenyewe, akaiongezea Hudaibiya iliyokatwa katikati, na nguvu yote kwa msikilizaji wa kawaida ikawa iko kwenye hiyo Hudaibiya. Nikosia ikaanguka Septemba 1570, Famagusta Agosti 1571.

Wa kundi la kwanza wataniuliza, kwani angeweza kukataa? Angeweza, ila chini yake kwenye ile ngazi kulikuwa na watu wengine. Sultan Osman wa pili, miaka ya baadaye, alipotaka kwenda vitani Poland aliogopa kumwacha nyuma ndugu yake Mehmed, akaomba fatwa ya kumuua. Sheikhul-Islam Esad Efendi akakataa kuitoa. Sultani hakubishana naye, aliteremka hatua moja tu, akamuuliza Kemaleddin Efendi, kadhi-asikari wa Rumelia, huyo akaitoa, na kijana akanyongwa Januari 1621. Osman mwenyewe wanajeshi wake walimpindua na kumuua Mei 1622.