VIF ikizidi 10, usikimbilie kufuta kigeu

Ukisoma takwimu popote utakutana na kanuni hii: ukishakadiria modeli ya rigresheni, kokotoa VIF ya kila kigeu, yaani kipimo cha jinsi kigeu hicho kinavyoelezwa na vigeu wenzake, na kile kitakachozidi 10 (wapo wanaosema 5) kifutwe. Watu wanaifuata kama masharti ya mganga. Kwa maoni yangu kanuni hiyo imepotosha tafsiri nyingi kuliko multikolineariti yenyewe, yaani vigeu vya kueleza kwenda pamoja mno, na ushahidi ninao kwenye data ambayo kila mwenye programu ya R tayari anayo kwenye kompyuta yake.

Data yenyewe inaitwa `longley`. James W. Longley aliichapisha mwaka 1967 ili kupima usahihi wa programu za kompyuta za wakati ule. Ina safu 16 tu, mwaka mmoja kila safu, kuanzia 1947 hadi 1962, zote za Marekani. Kigeu tegemezi ni idadi ya watu walioajiriwa, kwa mamilioni. Vigeu vya kueleza ni sita: pato la taifa kwa mabilioni ya dola, fahirisi ya bei, wasio na kazi, wanajeshi, idadi ya watu, na mwaka wenyewe. Katika kipindi hicho karibu kila kitu kilipanda pamoja. Korelesheni ya pato la taifa na mwaka ni 0.995, na ya pato la taifa na idadi ya watu ni 0.991.

Kadiria modeli mbili.

```r
m1 <- lm(Employed ~ GNP, data = longley)
m2 <- lm(Employed ~ ., data = longley)
r2 <- summary(lm(GNP ~ . - Employed, data = longley))$r.squared
1 / (1 - r2)   # VIF ya GNP
```

Katika `m1`, yenye pato la taifa peke yake, koefishenti ni 0.0348 na kosa sanifu ni 0.0017. Pato likipanda kwa dola bilioni moja, ajira zinapanda kwa takriban 35,000. Mtu yeyote atalikubali jibu hilo. Katika `m2`, yenye vigeu vyote sita, koefishenti ya pato hilohilo inakuwa −0.0358, na kosa sanifu linaruka hadi 0.0335. Ishara imegeuka. Uchumi ukikua, ajira zinapungua! Na hapo R² ya modeli nzima ni 0.995.

Mstari wa mwisho wa msimbo unatoa karibu 1,788. Maana ya namba hiyo ni nyepesi. Unachukua pato la taifa na kulitabiri kwa kutumia vile vigeu vingine vitano. Vinalieleza kwa R² ya 0.9994, kwa hiyo sehemu yake ambayo haimo ndani ya wenzake ni moja kwa 1,788 ya variansi yake yote. Sehemu hiyo ndogo ndiyo pekee inayotumika kukadiria koefishenti yake katika `m2`.

Mimi napenda kuitafsiri kwa dola, kwa sababu uwiano mtupu haumstui mtu. Mchepuko sanifu wa pato la taifa katika miaka hiyo ni karibu dola bilioni 99. Kipeuo cha pili cha 1,788 ni 42.3. Gawanya 99 kwa 42.3, unapata bilioni 2.3 na ushee. Kwa hiyo pato lilipanda kutoka bilioni 234 hadi bilioni 555, lakini koefishenti inategemea mtikisiko wa bilioni mbili hivi unaobaki baada ya vigeu vingine kuchukua chao. Kwenye takwimu za uchumi mzima wa nchi, kiasi hicho ni kidogo mno kukitegemea. Mwaka 1976 Beaton, Rubin na Barone walichukua data hii wakaongeza tarakimu za kubahatisha baada ya tarakimu ya mwisho iliyochapishwa, yaani walichezea kile tu kilichopotea kwa kukadirisha namba, na koefishenti zikayumba vibaya.

Sasa tazama kosa sanifu lilivyokua. Fomula ya variansi ya koefishenti iko hivi:

```
Var(b_j) = s² / ((n − 1) · var(x_j)) · VIF_j
```

Wengi wanaishia kwenye VIF wanasahau kwamba imekaa na wenzake. Kosa sanifu la pato la taifa lilitoka 0.0017 hadi 0.0335, yaani liliongezeka mara 19.6. Kama VIF ingefanya kazi peke yake lingeongezeka mara 42.3. Mbona halikufika huko? Kwa sababu vigeu vilivyoongezwa vilipunguza masalio: `s` ilishuka kutoka 0.657 hadi 0.305, ambayo ni mara 0.464. Zidisha 42.3 kwa 0.464, unapata 19.6 kamili. Kigeu kinachoingia kwenye modeli kinaleta gharama na faida kwa wakati mmoja, na VIF inakusomea gharama tu.

Ndiyo maana siioni kama hakimu. VIF inatazama upande wa vigeu vya kueleza peke yake na haijui lolote kuhusu kigeu tegemezi. Ndani ya `m2` mwaka una VIF ya 759, na idadi ya watu ina VIF ya 399. Kwa kanuni ya 10, kati ya hivi viwili mwaka ndio mkosaji mkubwa zaidi. Lakini koefishenti ya mwaka ni 1.83 na kosa sanifu lake ni 0.46, kwa hiyo t yake ni 4.0 na thamani ya p ni 0.003. Koefishenti ya idadi ya watu ina t ya −0.23, hakuna kitu pale. Kigeu chenye VIF kubwa kimekadiriwa vizuri, na chenye VIF ndogo kuliko hicho hakisemi lolote. Anayefuta kwa kufuata orodha ya VIF angemtupa mwaka akiwa na ushahidi wake mkononi.

Hilo halina maana kwamba 1.83 ya mwaka inasomeka kirahisi. Hapa ndipo tafsiri inapowaponza watu. Koefishenti hiyo inadai kwamba kila mwaka unaopita ajira zinaongezeka kwa milioni 1.83, pato la taifa, bei, idadi ya watu na mengine yakibaki palepale. Kuanzia 1947 hadi 1962 ni hatua 15, kwa hiyo mwaka peke yake ungeleta ajira milioni 27.4. Ajira halisi ziliongezeka kwa milioni 10.2 tu, kutoka milioni 60.3 hadi milioni 70.6. Milioni 17 zimeenda wapi?

Zimeliwa na koefishenti nyingine. Pato la taifa, kwa ile ishara yake hasi, linaondoa milioni 11.5. Wasio na kazi wanaondoa milioni 3.3, wanajeshi milioni 1.3, idadi ya watu milioni 1.1 na ushee, na bei inarudisha nusu milioni. Jumla inabaki karibu milioni 10.7, jirani kabisa na ukweli. Mwaka na pato la taifa wanavutana kamba: mmoja akikadiriwa juu mno, mwingine anashushwa kufidia. Tofauti ya nguvu zao inaonekana wazi kwenye data, lakini nguvu ya kila mmoja peke yake haionekani vizuri, kwa kuwa miaka ambayo muda ulisogea huku uchumi ukisimama ni michache mno.

Kwa hiyo ile "mengine yakibaki palepale" ni swali ambalo miaka hii 16 haikuwahi kuliuliza. Modeli haikukosea kulijibu kwa kosa sanifu kubwa. Thamani ya p ya pato la taifa katika `m2` ni 0.31, na masafa ya uhakika ya asilimia 95 yanaanzia takriban −0.11 hadi 0.04. Ndani yake imo pia ile 0.0348 ya `m1`. Jedwali limesema bayana kwamba halijui ishara. Anayeandika kwamba ukuaji wa uchumi ulipunguza ajira amejisomea safuwima ya makadirio akaacha ya makosa sanifu.

Ukifuta vigeu vitano ukarudi `m1`, kosa sanifu litapungua na ishara itapendeza. Lakini umebadilisha swali kimyakimya. Hiyo 0.0348 sasa imebeba mgongoni kupita kwa muda, ongezeko la watu na kupanda kwa bei, vyote vilivyosafiri pamoja na pato la taifa. Kama unataka kueleza jinsi mambo hayo yalivyokwenda kwa pamoja, ni sawa kabisa, mradi uandike hivyo. Kama unataka mchango wa pato lenyewe, umepata jibu lililoegemea upande mmoja likiwa na kosa sanifu dogo. Hilo naliona baya kuliko jibu linalokiri halijui.

Nafanya nini badala yake? Kwanza natazama kama vigeu vimejengwa vibaya. Pato la taifa kwa bei za wakati husika na fahirisi ya bei kuwekwa bega kwa bega ni kujitafutia balaa: gawanya moja kwa nyingine upate pato halisi, halafu gawanya kwa idadi ya watu kama swali lako ni la hali ya mtu mmoja mmoja. Hapo umeunganisha vigeu vitatu kwa sababu ya kiuchumi, bila kusukumwa na namba ya 10. Kama kinachokusumbua ni mwelekeo wa muda, jaribu mabadiliko ya mwaka hadi mwaka badala ya viwango. Na vigeu ambavyo havitenganishwi, vipime kwa kundi kwa kutumia jaribio la F, kisha ripoti kundi.

Mchumi Arthur Goldberger alikuwa na utani mzuri juu ya hili: alisema wanaolalamikia multikolineariti wangeweza vilevile kulalamikia uchache wa data, akaubunia jina refu la kitaalamu ili ufanane na ugonjwa. Rudi kwenye fomula utaona hoja yake. `n` ndogo, `x` isiyotawanyika na VIF kubwa vyote vinakuza variansi kwa njia ileile, ila ni kimoja tu kilichotengenezewa kipimo cha kutisha.

Wapo watakaoniambia nitumie rigresheni ya ridge, inayoziwekea adhabu koefishenti kubwa, na msaada wa `lm.ridge` katika R unatumia data hii hii kama mfano. Kwa utabiri sina ugomvi nayo. Ukiongeza adhabu kidogo kidogo, koefishenti ya pato la taifa inapanda kutoka hasi, inavuka sifuri, inakuwa chanya kama kila mtu alivyotaka. Ila data ni zilezile safu 16, na hakuna taarifa mpya iliyoingia kuhusu pato la taifa. Kilichogeuza ishara ni adhabu uliyoichagua mwenyewe, na thamani ya adhabu hiyo inapaswa kuandikwa kwenye ripoti pembeni ya koefishenti, pamoja na ishara iliyokuwepo kabla yake.