Ukuta ule haukuangushwa na mvua

Kila masika nasikia kauli ileile, na mwaka huu imenichosha. Ukuta wa kuzuia udongo unaanguka, watu wanakusanyika, wanatikisa vichwa, wanasema mvua ya safari hii haikuwa ya kawaida. Kisha ukuta mwingine unajengwa palepale, vilevile.

Wiki iliyopita niliitwa kutazama mmoja. Ulikuwa na kimo cha mita 3 na urefu wa mita 17, na kati ya hizo mita 12 zilikuwa zimelala kifudifudi. Mwenye nyumba, mzee aliyetumia akiba yake yote kwenye kiwanja kile, alinipokea kwa maneno haya: "Fundi, nondo zilikuwemo na saruji haikupunjwa. Ni mvua tu imetuweza." Nilimuuliza mvua ilikatika saa ngapi. Akasema jioni, kabla ya magharibi. Ukuta ulianguka alfajiri.

Hapo ndipo pa kuanzia. Mvua imekwisha, anga ni jeupe, na ukuta unaanguka saa kumi baadaye, kwa sababu maji yaliyozama kwenye udongo yanasafiri polepole. Usiku kucha yaliendelea kushuka kutoka bustanini juu, yakakusanyika nyuma ya ukuta, yakakosa pa kutokea.

Niliinama kwenye kifusi nikatafuta kipande chenye bomba. Vile vibomba vya plastiki vya milimita 50 vilikuwemo, aliyejenga alivikumbuka. Lakini mdomo wa mbele ulikuwa umefunikwa na lipu na juu yake rangi, safi kabisa, usingejua kama pana tundu. Mdomo wa nyuma ulikuwa umejaa udongo wa mfinyanzi ulioshikamana kama kizibo cha chupa. Niliuchokoa kwa bisibisi ukatoka mzimamzima. Kokoto sikuiona hata moja. Udongo uliochimbwa wakati wa msingi ndio uliorudishwa nyuma ya ukuta, ukashindiliwa, basi.

Naomba mnivumilie nieleze uzito wenyewe, maana ugomvi wangu wote uko hapa. Udongo una tabia ya kujishikilia. Chembe zake zinasuguana, kwa hiyo ukiwa wa kichanga na umekauka vizuri, nguvu inayosukuma pembeni ni kama theluthi moja tu ya uzito wake. Kwa ukuta wa mita 3 hiyo ni kama tani 2.7 kwa kila mita moja ya urefu wa ukuta. Maji hayajishikilii. Yanasukuma pembeni kwa nguvu ileile yanayokandamiza nayo chini, bila punguzo. Yakijaa nyuma ya ukuta huo mpaka juu, udongo unakuwa kama unaelea ndani yake na msukumo wake unapungua hadi tani 1.5 hivi, lakini maji yenyewe yanaleta tani 4.5. Jumla ni tani 6. Ukuta uliojengwa kustahimili tani 2.7 umebebeshwa zaidi ya mara mbili, bila mtu kuongeza hata toroli moja ya udongo. Tena maji hayohayo yanapenya chini ya msingi na kuuinua kidogo, kwa hiyo unakuwa mwepesi kuteleza wakati uleule unaposukumwa zaidi.

Sasa tazama yakiishia nusu ya kimo, yaani mita 1.5. Msukumo wa maji haupungui kwa nusu, unashuka mpaka robo, kama tani 1.1. Ndiyo maana matundu yanayookoa ukuta ni yale ya mstari wa chini kabisa, shubiri moja hivi kutoka ardhini. Na ndiyo hayohayo yanayozikwa watu wanapoinua ua kwa kifusi na kumwaga zege jipya mbele ya ukuta. Nimeona ua ulioinuliwa mara mbili hadi matundu yanayoonekana yakawa yale ya katikati tu, na mwenyewe anaamini ukuta wake unapumua.

Najua kwa nini watu wanapiga lipu juu ya matundu. Maji yanayotoka yanaacha michirizi ya kahawia, ukuta unaonekana mchafu, na watoto wanachezea tope. Nakubali, ingawa kwa shingo upande. Asiyetaka michirizi na alaze bomba lenye vitobo chini kabisa nyuma ya ukuta, ndani ya kokoto, lenye mteremko hadi kwenye mtaro. Hilo litayapeleka maji pembeni. Lakini liwekwe kabla ya kujaza udongo. Lipu haijawahi kuyaelekeza maji kokote.

Tundu peke yake nalo halitoshi, na hapa nawalaumu mafundi wenzangu. Bomba likigusa udongo moja kwa moja litaziba, ni suala la misimu tu. Nyuma ya ukuta panatakiwa tabaka la kokoto safi lenye upana wa sentimita 30 hivi, kutoka chini mpaka karibu na juu, na kati ya kokoto na udongo kitambaa cha kuchujia, kile kinachopitisha maji na kubakiza udongo. Juu kabisa funika kwa udongo mzito ulioshindiliwa, ili maji ya mvua yatiririke kwenda pembeni badala ya kuzama palepale. Bomba lilazwe likiinamia mbele, na matundu yapishane mita 1.5 mpaka 2. Kazi yote hiyo ni ya siku moja au mbili. Ikirukwa, kuirudia ni kufukua ukuta mzima.

Mwenye ukuta uliosimama anaweza kujua hali yake. Mvua kubwa ikinyesha, toka ukatazame. Matundu yakiwa makavu huku ukuta wenyewe una unyevu na chumvi nyeupe imetokeza kwenye maungio, maji yako nyuma na yamefungiwa. Maji yakitoka na tope, kichujio hakipo na udongo unahama, ardhi ya juu itadidimia. Ukiona ukuta umefura sehemu ya chini, au ufa umejichora ardhini juu ukifuata urefu wa ukuta, usichokoe kitu. Ondoa watu chini yake kwanza, umwite mhandisi.

Mita 5 za mzee zilikuwa bado zimesimama, zilizopakwa lipu ileile. Nilizipima kwa timazi, hazikuwa zimeinama wala kufura, na ardhi ya juu haikuwa na ufa. Nilimwomba ruhusa tufungue tundu moja la mstari wa chini. Nilisimama pembeni, si mbele, nikabandua lipu kwa patasi, kisha nikaingiza kipande cha nondo taratibu hadi kikagonga kizibo cha udongo. Nilikisukuma mara tatu. Kwanza ulitoka udongo mlaini kama unga uliokandwa, halafu maji ya kahawia yakaruka karibu hatua moja mbele ya ukuta.

Mzee hakusema kitu. Alileta kiti akakaa mbali akiyatazama. Yalitiririka kwa dakika arobaini kabla ya kupungua, siku moja nzima baada ya mvua kukatika, na kutoka tundu moja tu.