-7 gawanya kwa 3: baki ni -1 au 2?

"Nikiandika -7 % 3 kwenye JavaScript napata -1. Excel inanipa 2. Ipi inakosea?"

Hakuna inayokosea. Zote zinatii sharti moja: zidisha namba inayogawa kwa jibu, jumlisha baki, urudi kwenye namba uliyoanza nayo. Zinapoachana ni kwenye jibu lenyewe. -7 ukigawanya kwa 3 unapata -2.33 na kuendelea, na hiyo desimali haina budi iondoke. Ukiikata tu, unabaki na -2. 3 mara -2 ni -6, na ili ufike -7 unahitaji -1. Ukishuka hadi namba kamili iliyo chini yake, unapata -3. 3 mara -3 ni -9, na kutoka -9 hadi -7 ni 2. Kwa namba chanya, kukata na kushuka ni kitu kilekile, ndiyo maana mtu anaweza kuandika programu muda mrefu asilione tatizo hili.

Wanaokata ni C, Java, JavaScript na Go. Kwa upande wa C, hilo lilikuja kuwa sharti mwaka 1999; kabla ya hapo kiwango cha lugha kiliiachia kila kompaila iamue. Wanaoshuka ni Python, Ruby na MOD ya Excel.

Kukata kuna hoja yake, na si ndogo. Kunaheshimu ulinganifu: 7 kwa 3 ni 2 na baki 1, basi -7 kwa 3 ni -2 na baki -1, kila kitu kimegeuzwa alama tu. Pia maagizo ya kugawanya namba zenye alama kwenye prosesa za x86 hufanya hivyohivyo, kwa hiyo lugha iliyo karibu na mashine haina kazi ya ziada.

Lakini kinachotafutwa na wengi wanaoandika % si ulinganifu, ni mzunguko. Chukua saa yetu. Kubadili saa ya simu kuwa saa ya Kiswahili unatoa 6, kisha unachukua baki la 12 (likitoka 0, ni saa kumi na mbili):

```
saa = (h - 6) % 12
```

Saa 14:00 inatoa 8, yaani saa nane mchana. Safi. Saa 04:00 ni 4 - 6 = -2. Python inajibu 10, saa kumi usiku, kama inavyopaswa. JavaScript inajibu -2, na saa hiyo haipo duniani. Ubaya ni kwamba kosa hutokea kati ya saa sita usiku na kumi na mbili asubuhi tu. Ukijaribu programu yako mchana, itapita bila shida. Kwa mizunguko, basi, naegemea upande wa hisabati, ambako baki huanzia 0 na halifiki ukubwa wa namba inayogawa. Haliwi hasi kamwe.

Kulipata kwenye lugha inayokata ni rahisi:

```
r = a % n;
if (r < 0) r += Math.abs(n);
```

Wengi huandika `((a % n) + n) % n`. Inafaa n ikiwa chanya, ila kwenye C au Java, n ikiwa kubwa sana, jumla ya katikati inaweza kufurika. Java ina `Math.floorMod`, na Rust ina `rem_euclid`.

Kwa kikokotoo cha mkononi, gawanya, shuka hadi namba kamili ya chini, zidisha, kisha toa kutoka namba ya mwanzo, kama tulivyofanya juu kwa -9. Baadhi ya Casio zina kitufe cha ÷R, lakini usikitegemee hapa: ukiingiza -5 ÷R 2, zinagawanya kawaida tu na kukupa -2.5. Na popote penye mod, weka namba hasi kwenye mabano. Kuna vikokotoo vinavyosoma -7 mod 3 kama -(7 mod 3), ukalaumu kanuni ya baki wakati tatizo ni mpangilio wa matendo.

Excel nayo ina mtego wake. MOD inashuka, lakini QUOTIENT inakata. Ukizitumia pamoja kwa -7 na 3 unapata -2 na 2, na 3 mara -2 jumlisha 2 ni -4. Tumia INT(-7/3), inayotoa -3, ndipo hesabu irudi -7. Tena MOD hufuata alama ya namba inayogawa, kwa hiyo MOD(7,-3) ni -2, wakati baki la kihisabati ni 1. Hapo andika MOD(7,ABS(-3)).