Nilivyozikimbia Hisa Zangu

Jumatano jioni hisa zangu 1,000 kwenye Soko la Hisa la Dar es Salaam zilifunga shilingi 500 kila moja. Alhamisi saa nne na ushee asubuhi nimebanwa kwenye daladala, nachungulia simu: 460! Kwenye grafu ya bei kuna shimo, refu kama mlingoti, limetoboa hadi chini ya wastani wa bei za siku 50, mstari ambao nimeuhubiri kwa ukoo mzima.

"Vigogo wanatoka!" nikapiga kelele. Konda akauliza natokea kituo gani.

Nikampigia dalali. "Uza zote!"

"Kaka, leo ni..."

"Uza, bwana!"

Zikauzwa kwa 460. Nikashuka kifua mbele, kama mtu aliyeruka kwenye meli inayozama.

Jioni nikapitia kwa shemeji, muuza samaki wa Feri, kumpa pole, maana naye anazo. Nikamkuta anakula kwa raha zake.

"Shemeji, kampuni ilitangaza gawio la shilingi ngapi kwa hisa?"

"Arobaini."

"Na bei imeshuka ngapi?"

Nikanyamaza. Arobaini.

"Jana aliyenunua alipewa na gawio. Wa kuanzia leo halimhusu. Samaki mwenye mayai na aliyetolewa mayai utawanunua bei moja? Na gawio lako bado linakuja, maana jana ulikuwa nazo."

Kweli, lilikuja baadaye: 40,000, ikakatwa kodi ya asilimia 5, nikabaki na 38,000. Lakini hisa sina, na kamisheni ya dalali imeshaliwa.

Nikang'ang'ania grafu. Akanionyesha ya kwake, haina shimo lolote. Ya kwake imerekebishwa kuondoa gawio: 460 kwa 500 ni 0.92, basi bei zote za kabla ya leo zimezidishwa kwa 0.92, na ile 500 ya jana inasomeka 460. Yangu ilikuwa bei ghafi, kwa hiyo hata ule wastani wangu wa siku 50 ulikuwa umejaa bei za samaki mwenye mayai. Ingekuwa imeshuka hadi 420, akasema, hapo zile arobaini za ziada ndizo angeziulizia.

"Haya, wauzaji wenyewe wako wapi? Bei ilifungua 460 na ikashinda hapo hapo. Wakiuza kweli, ingeteremka ngazi kwa ngazi na hisa nyingi zingebadilishana mikono. Leo zimeuzwa ngapi?"

Nikaangalia. Siku nzima: hisa 1,300.

"Elfu moja ni zangu," nikasema kwa sauti ya chini.

Shemeji akaacha kutafuna. Akanawa mkono taratibu, akachukua simu yake, akaitazama, akanitazama.

"Kumbe ni wewe! Dalali kanipigia asubuhi, ananiambia kuna mtu anatupa elfu moja kama kafumaniwa. Nimezichukua zote."