Chakaza herufi, lakini DAGAA isisomeke DACAA

Siku hizi lebo nyingi za bidhaa hapa Mwanza zinataka sura ya kizamani, kama maandishi ya ubavuni mwa mtumbwi uliopigwa na jua miaka mingi. Mimi naipenda sura hiyo. Kinachoniudhi ni fonti zilizochakazwa tayari. Andika DAGAA kwa fonti ya namna hiyo, uone: mara nyingi A zote tatu zina kovu lilelile mahali palepale. Rangi haibanduki hivyo.

Ni heri kutumia fonti nene, safi, kisha uchakavu ukautafuta mwenyewe. Nenda Mwaloni, Kirumba, upige picha ya ubao wa mtumbwi uliobanduka rangi, jua likiwa la wastani ili vivuli visiwe vikali. Kwenye Photoshop igeuze iwe nyeusi na nyeupe, kisha ufungue Levels (Ctrl+L) na kusogeza vidude vya pembeni mpaka kijivu karibu chote kiishe. Ichague yote kwa Ctrl+A, uinakili. Weka Layer Mask kwenye maandishi yako, ibofye ukiwa umeshika Alt, halafu bandika picha humo. Palipo peusi herufi inafichika, palipo peupe inabaki. Ikiwa kinyume, Ctrl+I. Maandishi yenyewe hayajaguswa, kwa hiyo mteja akibadili jina la bidhaa hupotezi kazi.

Hapo wengi huishia, na hapo ndipo neno linapoharibika. Ubao haujui kusoma. Tobo likiangukia kale kamstari ka ndani ya G, umebaki na C, na lebo inasomeka DACAA. Pembe mbili za kushoto za D zikiliwa, inaelekea kuwa O. A ikikosa mstari wa katikati ni V iliyopinduliwa tu. Kwa hiyo rudi kwenye maski, shika brashi nyeupe, urudishe sehemu hizo chache zinazoitambulisha herufi. Katikati ya mistari minene, kama mgongo wa D, acha ubanduke. Macho yanapaziba penyewe.

Angalia pia ukubwa wa matobo. Mimi sipendi tobo lipite theluthi moja ya unene wa mstari wa herufi. Yakiwa madogo mno nayo ni tatizo: kwenye lebo ndogo vidoadoa hivyo huzibwa na wino, au mteja anadhani printa ni mbovu. Kioo cha kompyuta ukiwa umekuza kitakudanganya. Chapa karatasi moja kwa saizi halisi, uibandike ukutani, umwombe mtu ambaye hajaiona aisome akiwa hatua kadhaa. Akisita kwenye herufi, irudishie rangi herufi hiyo tu, usipunguze uchakavu wote.

Uzito, viungo na tarehe ya mwisho wa matumizi usiviguse kabisa. Huo uzee uishie kwenye jina.